MPWA DUKANI: MAKUBALIANO YA KAZI BAINA YA JAMAA KATIKA BIASHARA YA NYUMBANI

(Mazungumzo yaliyotayarishwa kwa wafanyabiashara wadogo, na kwa watumishi wa Serikali wanaoendesha maduka kwa mikono ya jamaa zao)



Maduka mengi ya Unguja na Pemba hayaendeshwi na wenyewe peke yao. Mwenye duka huwa ofisini tangu asubuhi hadi alasiri, au huwa safarini kutafuta mali, na nyuma ya meza hukaa mpwa, shemeji, mtoto wa ami au rafiki wa tangu skuli. Mpango huu una sababu zake nzuri. Jamaa anajulikana anakotoka, na akikosea wapo wazee wa kumwita. Lakini ndio mpango ambao ukivunjika huvunja vitu viwili kwa pamoja, duka na udugu. Na aghalabu hauvunjiki kwa sababu ya wizi, kama watu wanavyodhani. Huvunjika kwa sababu siku ya kwanza hapakusemwa yule aliyeingia dukani ameingia kama nani.

Ichukuliwe hadithi hii, ambayo ni ya kubuni ingawa wengi wataitambua. Mzee mmoja ana duka la vyakula Mwanakwerekwe, la jumla na rejareja. Dada yake aliyeko Wete ana kijana wa miaka 19 aliyemaliza kidato cha nne na hana kazi. Dada anamwambia kaka yake, "Mchukue mwanao huyu, asije akaharibika hapa." Kijana anashuka bandarini na begi lake. Mjomba anampokea na kumwambia, "Utakaa kwangu, utakula kwangu, na haja zako zitatazamwa." Kijana anajibu, "Sawa, mjomba." Mkataba wote ndio huo.

Kwa miaka 11 mambo yanakwenda. Kijana anafungua duka saa 12 asubuhi na kulifunga usiku. Kila Ijumaa hupewa shilingi 20,000, na sikukuu hupewa nguo. Mjomba anamwezekea dada yake nyumba kwa mabati mapya, na kijana anapooa, mjomba ndiye anayetoa mahari. Kijana akishakuwa na nyumba yake, kila mwezi huchukua mchele, sukari na mafuta dukani bila ya kuandika, kwani hakuna aliyemwambia aandike. Mjomba anaona na ananyamaza.

Hakuna mbaya hapa, na hapo ndipo palipo na ugumu wa jambo lenyewe. Katika moyo wa mjomba, mabati, mahari, chakula na mchele wa kila mwezi vyote ni ujira, na tena ni ujira mzuri kuliko anaolipwa mtu baki. Katika moyo wa mpwa, vitu hivyo ni ihsani ya mjomba kwa dada yake, na ujira wake bado umo dukani, siku moja mjomba atamwambia, "Mwanangu, chukua duka la pili liwe lako." Watu wawili wanaweka hesabu mbili za miaka 11 vichwani mwao, na hesabu hizo hazijakutana hata siku moja.

Kisha mtoto wa mjomba anarudi kutoka masomoni na kukabidhiwa mtoto wa meza yenye fedha. Mpwa hasemi neno, ila anaanza kuchelewa kufungua. Mwaka mmoja baadaye mjomba anafariki.

Utaratibu wa mirathi unafahamika na wengi. Kwanza hutolewa gharama za mazishi, kisha hulipwa madeni ya marehemu, kisha hutekelezwa wasia usiozidi theluthi, na kinachobaki ndicho wanachogawana warithi. Mtoto wa dada hamo katika warithi maadamu marehemu ameacha watoto wa kiume. Mpwa huyu, basi, angeweza kupata haki yake kwa milango miwili tu. Wa kwanza ni deni: ujira ambao haukulipwa ni deni juu ya marehemu, na deni hutangulia mbele ya fungu la mrithi yeyote. Wa pili ni wasia, kwa kuwa yeye si mrithi na anaweza kuusiwa. Lakini deni linataka kuthibitishwa na anayelidai, naye hana karatasi wala shahidi wa kiwango chochote. Warithi nao wanakumbuka mchele usioandikwa na kumwuliza ni kilo ngapi alizochukua kwa miaka yote hiyo. Hawezi kujibu. Anarudi Wete akiwa na miaka 31, na mama yake hakanyagi tena nyumba ya wifi yake.

Mstari mmoja ulioandikwa siku ile aliposhuka bandarini ungeyageuza yote haya. Mstari huo ungejibu swali moja: huyu ni mfanyakazi, ni mshirika, au ni mgeni anayesaidiwa?

Mgeni ni yule anayelelewa. Hula, hulala, na akipenda husaidia dukani jioni, lakini hana saa za kazi wala hawezi kulaumiwa kwa kutofungua duka. Mwenye duka anayemtaka mtu awepo mezani kila siku saa 12 asubuhi asimwite mgeni.

Mshirika wa kazi ni yule ambaye wafanyabiashara wa mwambao wamemjua tangu zamani kwa jina la mudharaba. Mmoja hutoa mtaji, wa pili hutoa kazi, na faida hugawanywa kwa fungu lililotajwa mwanzo, kama vile theluthi au nusu. Fungu hilo haliwi kiasi maalumu cha fedha. Duka likipata faida ya shilingi 900,000 na fungu la kijana likawa theluthi, anachukua 300,000. Likipata hasara, mtaji uliopotea ni wa mwenye mali, na kijana amepoteza jasho lake. Halipi kitu, ila ikiwa hasara imetokana na uzembe wake au kuvunja masharti. Mpango huu unamfaa mtu mzima anayeijua biashara na anayeweza kuvumilia mwezi mtupu. Haumfai kijana wa miaka 19 ambaye hajajua hata kupima sukari. Fauka ya hayo, unadai hesabu kamili ya mali kila baada ya muda, kwani pasipohesabiwa mtaji, faida haijulikani.

Mfanyakazi ni yule anayelipwa ujira uliotajwa kwa kazi iliyotajwa, duka lipate lisipate. Kwa mpwa wa hadithi hii, jibu lililofaa ni hili. Mikataba ya kazi Zanzibar inasimamiwa na Sheria ya Ajira Nambari 11 ya 2005, na mjomba anayeandikiana na mpwa wake hana budi kuyaweka maandishi yale sawa na Sheria hiyo, kama angeandikiana na mtu baki. Kiwango cha mshahara kisiwe chini ya kima cha chini kilichotangazwa na Serikali, na jina la kijana lipelekwe katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ulioanzishwa kwa Sheria Nambari 2 ya 1998. Michango inayopelekwa huko kila mwezi ni mali ambayo hakuna mrithi wa mjomba atakayeigusa.

Wapo watakaosema kwamba kuandikiana na mtoto wa dada ni kumvunjia heshima. Hoja hiyo haina nguvu katika visiwa ambamo Aya ya 282 ya Suratul Baqara husomwa kila siku, nayo ndiyo iliyoamrisha deni la muda liandikwe na lishuhudiwe, wala haikuwatoa jamaa nje ya amri hiyo. Anayeona haya kuandika mwanzoni, mwishoni huona haya kudai.

Sasa iangaliwe namna mjomba yule angeweza kulianza jambo lake.

Kabla ya kijana kupanda meli, mjomba anazungumza na dada yake, si kwa simu ya haraka bali kwa utulivu. Anamwambia mambo mawili. La kwanza ni kwamba kijana anakuja kufanya kazi kwa mshahara, na kwamba miezi 3 ya mwanzo ni ya kutazamana. Ikiwa kazi haikumkubali, atarudi bila ya ugomvi na nauli itakuwa juu ya mjomba. La pili, lililo gumu zaidi, ni kwamba malalamiko ya dukani hayapitii kwake. Kijana akionywa kwa kuchelewa, asipigiwe simu mama, na mama asimpigie simu kaka. Dada ambaye hakuambiwa hivyo hugeuka kuwa mwajiri wa tatu, aliye mbali na duka lakini mwenye sauti kubwa kuliko wote wawili. Badala yake huteuliwa mtu mmoja mapema, mzee wa pande zote mbili asiye na fungu katika duka, ambaye yeyote kati yao anaweza kumwendea.

Kijana anapofika, karatasi huandikwa kwa nakala mbili na kutiwa saini mbele ya mashahidi. Hutajwa kazi yenyewe: kufungua, kuuza, kupokea mzigo, kuandika daftari, na siku ya mapumziko. Hutajwa pia asilonalo, kama vile ruhusa ya kukopesha wateja zaidi ya kiwango fulani au kununua mzigo bila ya idhini. Hutajwa anayempa amri. Hapa maduka mengi hukosea, kwani mjomba husema moja, mkewe jingine, na mtoto wake la tatu, na kijana hubaki hajui lipi la kutii. Ikiwa duka lina muuzaji wa zamani aliyefanya kazi miaka 6, karatasi iseme mpwa yuko chini yake katika muda wa kujifunza, na muuzaji huyo aambiwe hivyo kabla ya mpwa kuingia. La sivyo, duka hupata jamaa mpya na hupoteza mtu aliyejua kila kitu.

Mshahara huandikwa peke yake na ihsani huachwa iwe ihsani. Ikiwa kijana analala na kula kwa mjomba, karatasi iseme wazi ama malazi hayo ni zawadi isiyohesabiwa, ama yanakatwa kiasi fulani. Lolote litakalochaguliwa ni sawa, maadamu limesemwa. Mabati ya dada na mahari ya harusi vibaki kuwa sadaka ya kaka na mjomba, wala visitajwe tena siku ya hasira.

Bidhaa za kupeleka nyumbani ndizo chemchemi ya ugomvi mwingi zaidi. Kumkataza mtu anayekaa kutwa baina ya mapolo ya mchele asichukue chakula ni kumfundisha kuficha. Lililo bora ni kumruhusu kwa mpaka. Achukue kwa bei ya kununulia, kisizidi kiasi kilichokubaliwa kwa mwezi, na kila alichochukua kiandikwe siku ile ile katika daftari lake mwenyewe, mbali na daftari la wateja. Ichukuliwe kwa mfano kwamba mshahara wa mkononi, baada ya michango, ni shilingi 400,000, na mpaka wa bidhaa ni 60,000. Mwezi huo kijana amechukua bidhaa za 48,000, na anadaiwa 50,000 alizokopa kwa safari ya Wete, ambazo atazilipa kwa miezi 2. Mwisho wa mwezi hukatwa 48,000 na 25,000, naye hupokea 327,000. Wote wawili hutia saini chini ya hesabu hiyo. Inachukua dakika 10. Karatasi 12 za namna hiyo kwa mwaka ndizo ambazo mpwa wa hadithi ya kwanza alizikosa.

Hesabu ya fedha za mezani nayo ifungwe kila usiku kwa njia isiyobadilika. Asubuhi huachwa shilingi 50,000 za kurejeshea chenji. Jioni daftari linaonyesha mauzo ya 612,000, lakini 87,000 kati ya hizo zimekwenda kwa mkopo, na 15,000 zimelipwa kwa wapagazi. Fedha zinazotakiwa kuwemo ni 50,000 kuongeza 612,000, kutoa 87,000 na 15,000, yaani 560,000. Zikihesabiwa zikapatikana 552,000, pana upungufu wa 8,000. Upungufu huo huandikwa, wala haumaanishi kitu kwa siku moja. Kinachotazamwa ni mwenendo wake. Kosa la chenji hupungua leo na kuzidi kesho, na hupungua kwa viwango visivyo sawa. Upungufu unaokuja siku zile zile za wiki, tena kwa viwango kamili kama 5,000 au 10,000, na usiowahi kugeuka kuwa ziada, unataka kuulizwa.

Kabla ya kuulizwa kijana, lakini, na aulizwe mwenye duka mwenyewe. Katika maduka ya nyumbani, fedha nyingi zinazopotea zimechukuliwa na wenye haki nazo: mke aliyepitia kuchukua za samaki, mtoto aliyechukua nauli ya skuli, na mzee mwenyewe aliyetoa sadaka mlangoni. Hakuna kati yao aliyeandika, na anayeulizwa usiku ni mpwa. Kwa hivyo sharti la kuandika halina budi kuanzia kwa mwenye mali. Kikaratasi kiwekwe ndani ya mtoto wa meza, na yeyote atakayetoa shilingi aandike jina lake, kiasi na sababu. Mwenye duka asiyeweza kuwatiisha mkewe na watoto wake kwa kikaratasi hicho asiajiri jamaa, kwani atakuwa amemwajiri mtu wa kubeba lawama.

Mambo haya yanamhusu rafiki pia, kwa tofauti moja. Mpwa ana mjomba juu yake, na amri ya mkubwa kwa mdogo haimshangazi mtu. Rafiki ni wa rika moja na mwenye duka. Jana walikuwa wakicheza bao na kutaniana, na leo mmoja anamwambia mwenzake afagie uwanja wa mbele. Utani huo ukiendelea mbele ya wateja, amri haitasikiwa. Ukikatwa ghafla, urafiki huonekana umeuzwa. Wengi waliofaulu walitenga mahali: dukani wanaitana kwa heshima ya kazi na hawazungumzi ya barazani, na barazani hawazungumzi ya dukani. Aidha, rafiki hana ukoo unaowaunganisha kwa lazima, na ugomvi ukitokea hakuna shangazi wa kuwaketisha. Kumteua msuluhishi mapema kunamhitajia rafiki zaidi kuliko jamaa. Usuluhishi huo ukishindikana, kipo chombo cha kushughulikia migogoro ya kazi kilichowekwa chini ya Sheria ya Mahusiano Kazini Nambari 1 ya 2005, nacho hakisikilizi udugu wala urafiki, bali kinachothibitika.

Limebaki suala la matumaini ya mbeleni, ambalo ndilo lililomwua moyo mpwa wa Mwanakwerekwe. Mjomba asiseme "duka hili ni lako" kwa njia ya mapenzi ikiwa hakusudii. Maneno hayo husemwa mezani baada ya chakula na kusahauliwa na msemaji, lakini msikilizaji huyabeba miaka 11. Ikiwa anakusudia, na atamke kwa vitendo: baada ya mwaka wa 3 ampe fungu dogo la faida juu ya mshahara na liandikwe, au ampangie duka la pili kwa mudharaba kwa mtaji uliohesabiwa, au amwandikie wasia ulio ndani ya theluthi na kuwajulisha watoto wake angali hai. Na kama mtoto wake mwenyewe ndiye atakayepewa duka siku za usoni, mpwa aambiwe mapema angali na umri wa kujitafutia njia nyingine. Habari hiyo ni chungu akiwa na miaka 22. Akiwa na miaka 31 ni msiba.

Na siku ya kuachana, iwe kwa heri au kwa kutofautiana, isipite bila ya makabidhiano. Duka hufungwa kwa nusu siku. Mpwa, mwenye duka na yule mzee msuluhishi huhesabu mali iliyoko, fedha za mezani na mikopo ya wateja iliyomo daftarini, kila mkopo kwa jina lake. Daftari la bidhaa za kijana hufungwa na kutolewa jumla. Mshahara wa siku alizofanya kazi na haki zake nyingine hulipwa papo hapo, na akiwa anadaiwa huandikwa atalipa vipi. Hutiwa saini nakala mbili. Kisha funguo hukabidhiwa, na mjomba mwenyewe, wala si mtu mwingine, humpigia simu dada yake Wete kumwarifu kijana atapanda meli ya siku gani.